Shangazi, usinipigie: wito kwa wanaosafiri na wanaobaki

Usiku wangu wa pili Chennai nilikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya wodi nikiangalia orodha ya simu nilizopokea siku hiyo. Zilikuwa kumi na moja. Shangazi wa Tanga mara mbili, mama mdogo, mjomba, jirani yetu wa Mbagala, mzee mmoja wa msikitini, na binamu ambao tangu msiba wa babu hatukuwa tumesikizana. Wote walikuwa na swali moja: "Mgonjwa anaendeleaje?" Mgonjwa ni mama yangu, na anayeuliza ni ndugu. Ungekuwa na roho gani usipokee?

Nikapokea zote. Kila aliyepiga nilimweleza habari ileile tangu mwanzo: tumefika salama, daktari ameomba vipimo vipya, chakula cha huku kina pilipili kali, ndiyo, amekula, ndiyo, nitamfikishia salamu. Asubuhi ya tatu nikataka kumpigia kaka Dar es Salaam tukubaliane kuhusu malipo ya kipimo. Simu ilikatika kabla hajamaliza kuitikia salamu. Salio limekwisha.

Ndugu msomaji, ninakuandikia wewe unayejiandaa kumsindikiza mgonjwa India, kwenda umra, au kwenda Guangzhou kufunga mzigo. Ninamwandikia pia shangazi yako aliyebaki nyumbani na simu mkononi. Kuna maswali matatu ya kuuliza kabla ya kununua kifurushi cha romingi, yaani kile kinachokuwezesha kuitumia laini yako ya nyumbani ukiwa nje ya nchi. Ndani ya kifurushi kuna nini hasa? Intaneti ikiisha, kasi inakuwaje? Na nikipokea simu, nalipa? Nitaanza na la mwisho, kwa kuwa ndilo lililonitia hasara na ndilo ambalo watu hawalifikirii hata kidogo.

Hapa kwetu tumezoea kwamba anayepiga ndiye anayelipa. Kupokea ni bure, na ndiyo maana tukabuni kubipu. Mazoea hayo yamepata nguvu hata nje ya mipaka. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa huduma iliyoitwa One Network, na mteja aliyevuka mpaka akawa anapokea simu bila kulipa. Miaka kadhaa baadaye serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zikakubaliana kuondoa malipo ya kupokea simu kwa wasafiri wa nchi zao. Basi mtu aliyewahi kupanda basi la Nairobi kwenda Kampala akapokea simu zake bure anadhani dunia nzima iko hivyo.

Sivyo, na sababu yake unaweza kuielewa bila kuwa fundi. Shangazi akiwa Tanga anapiga namba yako ya Tanzania. Hajui uko wapi, na hata akijua, mtandao wake unamtoza bei ileile ya kumpigia mtu wa Korogwe. Simu inafika kwenye mtandao wako Dar es Salaam. Pale mtandao unaangalia kumbukumbu zake, unaona laini yako imejisajili Chennai, unaisukuma simu hiyo hadi India. Kipande cha Tanga hadi Dar kimelipiwa na shangazi. Kipande cha Dar hadi Chennai, pamoja na ada ya kampuni ya India inayoifikisha kwenye kiganja chako, lazima mtu akilipie. Kwa utaratibu wa romingi, mtu huyo ni wewe uliyeondoka. Malipo yanaanza kuhesabiwa unapoitikia. Isipopokelewa, kwa kawaida hakuna malipo.

Kifurushi changu kilikuwa cha siku saba, chenye GB 3 za intaneti, dakika 30 za kupiga na dakika 60 za kupokea. Nilipoona neno "kupokea" nilifurahi, nikasema hawa wamenifikiria. Sikupiga hesabu. Siku ya kwanza nilipokea simu saba, ya pili kumi na moja, jumla kumi na nane. Kwa wastani wa dakika nne kila moja, na anayejua salamu zetu atakubali kwamba dakika nne ni chache, hizo ni dakika 72. Sitini za kifurushi zikaisha jioni ile ya pili, kumi na mbili zilizobaki zikatozwa kwenye salio la kawaida kwa shilingi 1,500 kila dakika. Hizo ni shilingi 18,000. Nilikuwa nimeweka 20,000 kwa ajili ya dharura. Dakika za kupiga nazo nilikuwa nimezimaliza, na ile elfu mbili iliyobaki ndiyo iliyonikatikia nikiongea na kaka.

Bei yako itakuwa nyingine, kwani kila kampuni na kila nchi ina bei yake. Lakini hesabu ni hiyohiyo: simu kwa siku, mara dakika, mara siku utakazokaa. Ifanye mezani kabla ya safari. Mtu anayesafiri kibiashara hupokea simu mbili kwa siku, dakika 60 zikamtosha wiki. Anayemuuguza mzazi hupokea za ukoo mzima.

Kuna mtego mwingine humohumo, mdogo lakini unauma. Kama laini yako ina sanduku la sauti, au uliwahi kuelekeza simu usizopokea ziende kwenye namba nyingine, simu ya shangazi inaweza kuja mpaka Chennai, ikaita, usipokee, kisha ikarudishwa Tanzania kwenda kwenye sanduku. Imesafiri kwenda na kurudi, na unaweza kutozwa safari hiyo ingawa hukugusa simu. Dawa yake ni kufuta maelekezo hayo kabla hujapanda ndege. Piga hivi, kama unavyopiga namba ya kawaida:

```
##004#
```

Simu itakujibu kwamba maelekezo ya simu zisizopokelewa yamefutwa. Nyumbani ukirudi unaweza kuyaweka tena.

Sasa njoo kwenye yaliyomo ndani ya kifurushi. Tangazo linaandika "dakika 30 za kupiga" kwa herufi kubwa. Kupiga wapi? Hilo huwa limeandikwa kwa herufi za sisimizi, au halikuandikwa. Ukiwa Chennai kuna simu za aina tatu. Kuna ya kupiga nyumbani, kuna ya kupiga hapohapo India, kwa mfano mapokezi ya hospitali au dereva anayekutafuta getini, na kuna ya kupiga nchi ya tatu, labda dada yako aliye Muscat anayechangia matibabu. Vifurushi vingi vinahusu aina moja au mbili tu. Changu kilihusu nyumbani peke yake, kwa hiyo mara tatu nilizompigia dereva, baada ya kuongeza salio, zilitozwa kwenye salio hilo. Uliza kwa maneno hayohayo: "Nikiwa India nikapiga namba ya India, inatoka kwenye kifurushi au kwenye salio?"

Uliza pia kifurushi kinahusu nchi zipi na mitandao ipi. India ina Airtel, Jio na Vi, na kampuni yako inaweza kuwa na makubaliano ya kifurushi na mmoja tu kati yao. Simu ikitua hujichagulia mtandao yenyewe. Ikishika usiohusika, unaweza kujikuta unalipa bei ya kawaida na kifurushi kikiwa kimelala hakijaguswa. Ukishajua jina la mtandao unaohusika, ingia kwenye mipangilio ya simu, ondoa uchaguzi wa moja kwa moja, chagua huo kwa mkono. Ni kazi ya dakika moja.

Na njiani je? Kutoka Dar kwenda Chennai watu wengi hupitia Doha, Dubai au Addis Ababa. Kifurushi cha India hakikulindi Doha. Unashuka, unawasha simu uangalie saa, na wakati unatafuta mlango wa ndege inayofuata simu inajisasisha, picha zinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, video za kundi la ukoo zinashuka. Hayo yote yanatozwa kwa MB, kwa bei isiyo na kifurushi. Kwa laini ya kulipa kabla, salio linakauka na mambo yanaishia hapo. Kwa laini ya kulipa mwisho wa mwezi hakuna wa kukusimamisha, na ankara utakutana nayo nyumbani. Zima kitufe cha `Data Roaming` kabla ya kuondoka, ukiwashe tu ukishafika unakokwenda. Kwenye WhatsApp ya Android nenda `Storage and data`, kisha `When roaming`, uondoe alama zote, ili picha na video zisishuke mpaka uziguse mwenyewe.

Siku nazo zina ujanja wake. Siku moja kwa kampuni nyingine ni saa 24 tangu uanze kutumia, kwa nyingine ni mpaka saa sita usiku. Ukinunua kifurushi cha siku uwanja wa ndege saa nne usiku, na kampuni yako ni ya aina ya pili, umenunua saa mbili. Na saa sita hiyo mara nyingi ni ya nyumbani: Chennai iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo kifurushi kitakufa saa nane na nusu usiku wa huko, umelala. Ukiamka, simu inafanya kazi kama kawaida, ila sasa unalipa bei nyingine.

Hapo ndipo linapoingia swali la kasi. Intaneti ya kifurushi ikiisha, kuna mambo matatu yanayoweza kutokea, na kampuni yako imeshachagua mojawapo hata kama haikukuambia. Inaweza kukata intaneti. Inaweza kuendelea kukupa kwa kutoza kila MB kwenye salio, na hili ndilo la kuogopa kuliko yote. Au inaweza kupunguza kasi, ikakuacha ujikokote mpaka siku zako ziishe. Hili la tatu ndilo linalouzwa kwa jina la "bila kikomo". Kikomo kipo. Kimehamishwa tu kutoka kwenye kiasi kwenda kwenye kasi.

Kasi ya kujikokota mara nyingi ni kilobiti 128 kwa sekunde, kwingine 64, kwingine zaidi kidogo. Namba hizo hazisemi kitu mpaka uzigeuze. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo kilobiti 128 ni kilobaiti 16 kwa sekunde. Daktari alinipa ripoti ya kipimo cha mama, faili la MB 6, nilitume kwa mtaalamu wetu Dar. Gawanya kilobaiti 6,000 kwa 16, unapata sekunde 375. Ni dakika sita na zaidi, iwapo hakuna kilichokwama katikati. Kwa kilobiti 64 ni mara mbili yake. Kumwonyesha mama wajukuu zake kwa video haiwezekani kabisa. Ramani ya kuita teksi inafunguka vipande vipande kama chapati iliyokauka. Lakini ujumbe wa maandishi unapita vizuri, na ujumbe mfupi wa sauti unapita ukiusubiri kidogo. Kwa hiyo kasi hiyo haifai kuitwa bure wala haifai kudharauliwa. Inategemea unataka kufanya nini, na ukijua mapema utatuma faili kubwa mwanzoni na kuacha salamu za mwisho.

Utajuaje kwamba umepunguziwa kasi na si mtandao mbovu tu? Mtandao mbovu hubadilika ukihama: ndani ya lifti umekufa, dirishani umefufuka. Kasi iliyopunguzwa haijali ulipo. Alama za mtandao zimejaa, juu imeandikwa 4G, maandishi yanaenda papo hapo, na picha inazunguka tu. Ukipima kasi mara tatu sehemu tatu tofauti, namba inakuwa ileile, karibu Mbps 0.12. Nilihangaika siku nzima nikiwalaumu Wahindi na mnara wao, kumbe aliyenibana koo yuko nyumbani.

Yuko nyumbani kweli, sitanii. Intaneti ya romingi kwa kawaida hairuki kutoka Chennai moja kwa moja kwenda duniani. Inarudishwa kwanza kwenye mitambo ya kampuni yako Tanzania, ndipo itoke. Ndiyo maana hata kifurushi kikiwa kimejaa, kurasa huchelewa kidogo kuanza kufunguka, kwani kila ombi linavuka bahari kwenda na kurudi. Faida yake ni kwamba unaonekana kama uko nyumbani. Mfanyabiashara aliyeko Guangzhou analijua hili: kwa Wi-Fi ya hoteli WhatsApp haifunguki, kwa laini yake ya Kariakoo inafunguka.

Ninachoomba kwako unayesafiri ni hiki. Siku tatu kabla, piga 100, namba ya huduma kwa wateja ya mitandao yetu, uhakikishe kwanza kwamba laini yako imefunguliwa romingi. Kisha uliza: dakika za kupokea ni ngapi, na zikiisha kila dakika ni shilingi ngapi? Za kupiga ni za wapi? Intaneti ikiisha mnakata, mnatoza au mnapunguza, na mkipunguza ni mpaka ngapi? Usiridhike na "usijali mteja wetu". Omba wakuandikie kwa ujumbe, au uliza kwenye huduma yao ya WhatsApp, upige picha skrini. Ukirudi na ankara usiyoielewa, picha hiyo ndiyo ushahidi wako. Unaanza kulalamika kwa kampuni yenyewe, na wasipokusikia unapanda TCRA.

Ukijua utakaa zaidi ya wiki mbili, mimi nashauri ununue laini ya hukohuko kwa ajili ya intaneti. India watataka pasipoti na viza, na inaweza kuchukua muda kuamka, kwa hiyo kifurushi kidogo cha romingi cha siku za mwanzo bado kina kazi. Laini ya nyumbani usiitoe kwenye simu. Iache ikiwa hewani, intaneti yake imezimwa, ipokee ujumbe wa benki wenye namba za siri. Kupokea ujumbe mfupi kwa kawaida hakutozwi, ingawa na hilo waulize.

Kampuni nazo nina ombi nazo. Msafiri akitua mnamtumia ujumbe wa kumkaribisha. Ujumbe huo ungekuwa na mistari mitatu ya Kiswahili cha kawaida, kupokea ni kiasi gani, kupiga hapa ni kiasi gani, intaneti ikiisha itakuwaje, nisingekuwa na la kuandika leo.

Na ninyi mliobaki nyumbani, hasa ninyi. Mnapiga kwa upendo, na hakuna anayewaambia kwamba upendo huo unamtoa mtu shilingi 1,500 kwa dakika akiwa ugenini, kwa sababu yule anayepokea anaona aibu kulisema. Atawezaje kumwambia shangazi akate? Kwa hiyo msimngoje aseme. Pigeni kwa WhatsApp, kwani hiyo inahesabiwa kama intaneti, na simu ya sauti kwa kawaida haifiki MB moja kwa dakika. Mahali kama Dubai simu za WhatsApp huzuiwa kwenye mitandao ya huko, basi acheni ujumbe wa sauti. Chagueni mtu mmoja wa kupokea habari na kuzisambaza kwa wengine. Na mkipiga laini ya kawaida msafiri asipopokea, msinune.

Mwezi uliopita tulirudi Chennai kwa uchunguzi wa pili. Tukiwa bado Dar, kwenye foleni ya kukabidhi mizigo, niliandika kwenye kundi la ukoo: "Wapendwa, tunaondoka usiku huu. Tafadhali msipige laini hii hadi tarehe 20. Nikipokea, nalipa mimi. Habari za mama nitazituma hapa kila jioni saa kumi na mbili na nusu kwa saa za nyumbani. Kwa haraka, mpigieni kaka." Yakaja madole gumba mengi, na dua.

Dakika mbili baadaye simu ikaita. Shangazi, kutoka Tanga.

"Mwanangu, nimeuona ujumbe wako. Nimekupigia kukuambia nimekuelewa."